Der, die au das: ufuate mkia wa neno, kundi la maana, au ukariri?

Kwa Kijerumani kijiko ni *der Löffel*, uma ni *die Gabel*, kisu ni *das Messer*. Vyombo vitatu vya meza moja, artikeli tatu. Wengi wanaojifunza Kijerumani huku Iringa, Njombe na Mbeya wakifika hapo huhitimisha kwamba jinsia ya nomino ni bahati nasibu, basi wanabahatisha. Kwa maneno ya jikoni hawako mbali na ukweli. Lakini maneno ya barua ya maombi, ya vyeti na ya wodini yana utaratibu ulionyooka, kiasi kwamba unaweza kupatia artikeli ya neno ambalo hujawahi kulisikia. Njia inayofaa hutegemea neno lenyewe ni la aina gani.

Njia zinazofundishwa ni tatu. Ya kwanza ni kutazama mwisho wa neno, yaani mkia wake. Ya pili ni kutazama neno limo katika kundi gani la maana: hali ya hewa, matunda, madini, vileo. Ya tatu ni kukariri kila nomino pamoja na artikeli yake. Kila moja ina mahali inapokuokoa na mahali inapokudanganya.

Tunakotoka: ngeli

Msemaji wa Kiswahili haanzi na mikono mitupu, maana ngeli ni kitu kilekile kwa sura nyingine. Tofauti zilizopo ni mbili, na zote mbili huleta makosa.

Tofauti ya kwanza ni mahali pa kutazama. Sisi husoma ngeli mbele ya neno: *ki*ti, *vi*ti, *m*ti, *mi*ti. Lugha za nyumbani huku nyanda za juu zinafanya vivyo hivyo; Mnyakyusa atasema *umundu* na *abandu*, na alama zote ziko mwanzoni. Kijerumani huweka alama yake nyuma. Kwa hiyo anayetazama mwanzo wa *Bewerbung* haoni kitu, ilhali jibu liko kwenye *-ung*.

Tofauti ya pili ni nani mwenye kauli ya mwisho, umbo au maana. Kwetu maana humshinda umbo kwa viumbe hai: kiongozi *a*mefika, kifaru *a*mekimbia, japo maneno yote mawili yameanza na *ki-*. Kijerumani mara nyingi hufanya kinyume. Msichana ni *das Mädchen*, kwa sababu mkia *-chen* ni wa kudogosha na kila neno lenye mkia huo huwa *das*, hata likimtaja binti mwenye miaka kumi na saba. Ukishalikubali hilo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu hujipanga yenyewe.

Mkia wa neno

Hii ndiyo njia yenye faida kubwa kuliko zote, mradi usijibebeshe mikia thelathini kwa mpigo. Anza na hii.

Maneno yanayoishia *-ung, -heit, -keit, -schaft, -ion* na *-tät* ni *die*: *die Prüfung* (mtihani), *die Gesundheit* (afya), *die Möglichkeit* (uwezekano), *die Mannschaft* (timu), *die Station* (wodi, kituo), *die Universität*. Uhakika wake ni mkubwa mno. Maneno machache yanayoonekana kuvunja sheria mara nyingi hayana mkia kabisa: *der Sprung* (mruko) na *der Dung* (samadi) yana *ung* ndani ya shina. Jaribio ni rahisi: ondoa *-ung* uone kinachobaki. Kwenye *Prüfung* hubaki shina la kitenzi *prüfen*. Kwenye *Dung* hubaki *D* tu. Kwa *-ion* kumbuka mawili: *das Stadion* na *der Spion*, jasusi.

Maneno yanayoishia *-chen, -lein, -ment* na *-um* ni *das*: *das Medikament*, *das Dokument*, *das Zentrum*, *das Visum*. Hapa kuna mitego kadhaa. *Der Moment* na *der Zement* (saruji) hukaidi, na *der Kuchen* (keki) na *der Knochen* (mfupa) si maneno yaliyodogoshwa. *Chen* yao ni ya shina. Kitenzi kikigeuzwa nomino bila kubadilishwa nacho huwa *das*, bila ubaguzi: *das Essen*, *das Schlafen*, *das Lernen*.

Kwa *der* mikia ni michache: *-ling* (*der Lehrling*, mwanagenzi), *-ismus*, na *-er* kwa mtu afanyaye kazi (*der Pfleger*, *der Fahrer*). Ukimwongezea mtu huyo *-in* anakuwa mwanamke na artikeli inageuka: *die Pflegerin*. Angalia, hii *-in* ni ya watu tu. Dawa na kemikali zenye *-in* huwa *das*: *das Insulin*, *das Penicillin*, *das Benzin*. Na *der Termin* (miadi) hayumo kokote kati ya hayo.

Kisha uko mkia *-e*, ambao unastahili nafasi yake peke yake. Takriban maneno tisa kati ya kumi yanayoishia *-e* inayotamkwa kwa wepesi ni *die*: *die Schule, die Lampe, die Banane, die Tasse, die Niere*. Anayebahatisha *die* kila aonapo *-e* atapatia mara nyingi kuliko kwa ujanja mwingine wowote wa bei hiyo. Yanayobaki yana mpangilio wake: wanaume na baadhi ya wanyama ni *der* (*der Junge, der Kollege, der Affe, der Löwe*), maneno yanayoanza na *Ge-* kwa maana ya mkusanyiko ni *das* (*das Gemüse*, mboga, *das Gebirge*, safu ya milima). Halafu kuna machache ya kukariri, kama *der Käse, der Name, das Auge, das Ende*. *Der Tee* na *der Kaffee* hayahusiki, kwa sababu *ee* ni sauti ndefu, si ule mkia mwepesi.

Mikia miwili iachwe kabisa kama mwongozo: *-er* na *-el* kwenye vitu. *Der Teller*, *die Butter*, *das Fenster*. *Der Löffel*, *die Kartoffel*, *das Kabel*. Hapo mkia hausemi lolote, na vitabu vinavyodai *-er* daima ni *der* vinamzungumzia mtu, si dirisha.

Kundi la maana

Njia hii hupendwa kwa sababu inakumbukika upesi. Siku, miezi na majira ni *der*. Mvua na jamaa zake pia: *der Regen, der Nebel, der Wind, der Hagel, der Frost*, orodha inayomtosha mtu wa Tukuyu au Makete kueleza mwezi wa Juni. Madini ni *das*: *das Gold* ya Chunya, *das Eisen*, *das Silber*. Matunda kwa sehemu kubwa ni *die*: *die Mango, die Avocado, die Orange*. Vileo ni *der*, isipokuwa *das Bier*. Hivyo ukimweleza mgeni kuhusu ulanzi ukauita *Bambuswein*, sema *der*. Magari ni *der* na pikipiki ni *die*, kiasi kwamba *der Honda* ni gari na *die Honda* ni pikipiki. Milima kama Rungwe na Kilimanjaro huchukua *der*.

Udhaifu wake ni kwamba kila kundi lina watoro. Lakini tazama watoro hao ni akina nani. Katika hali ya hewa wanaotoroka ni *die Wolke* (wingu), *die Sonne* na *die Kälte* (baridi): wote wana *-e*. Katika madini ni *die Bronze*: *-e* tena. *Das Gewitter*, mvua ya radi, ina *Ge-*. Hiyo inaonyesha mpangilio wa madaraka: mkia na maana vikigombana, mpe mkia ushindi. Mahali ambapo maana hushinda ni kwa watu na wanyama wenye *-e*, kama *der Kollege*. Watoro wa kweli, wasio na mkia wa kuwaeleza, ni wachache: *der Apfel* na *der Pfirsich* kati ya matunda, *der Stahl* (chuma cha pua) kati ya metali.

Kukariri

Kwa maneno mafupi ya nyumbani na ya mwili hakuna njia ya mkato. *Der Kopf, die Hand, das Ohr*. *Der Topf, die Milch, das Salz*. Neno la silabi moja lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa *der*, lakini huo ni uwezekano tu, na maneno yanayotumika kila siku ndiyo yanayoupinga.

Kukariri kunakofanya kazi kuna masharti mawili. Usiandike *ein* kwenye kadi, maana *ein Topf* na *ein Messer* hufanana huku moja ni *der* na jingine *das*. Andika *der Topf, die Töpfe*: umoja wenye artikeli, kisha wingi. Wingi si mzigo wa ziada, ni shahidi. Ukikuta wingi wa *-er* kama *Häuser, Bücher, Kinder*, neno hilo haliwezi kuwa *die*. Mara nyingi ni *das*, mara chache *der* kama *Mann, Männer*. Wingi wa *-en* au *-n* huelekea *die*. Wingi wenye nukta juu ya irabu na *-e* mwishoni, kama *Töpfe* na *Stühle*, ni *der* au pengine *die* (*Hände*), na karibu kamwe si *das*.

| | Mkia | Maana | Kukariri |
|---|---|---|---|
| Hufaa zaidi kwa | maneno marefu: ofisi, shule, hospitali | mazingira, chakula, vyombo vya usafiri | jikoni, mwili, maneno ya silabi moja |
| Uhakika | mkubwa sana kwa *-ung, -heit, -keit, -schaft, -tät*. Wastani kwa *-e* | wa kati | kamili, usiposahau |
| Huvunjika wapi | *-er* na *-el* kwenye vitu. Shina linalofanana na mkia | neno lina mkia wake | neno jipya kabisa |

Kuna kanuni moja inayotangulia zote tatu: neno lililounganishwa huchukua artikeli ya sehemu yake ya mwisho. *Krankenhaus* ni *das* kwa sababu ya *Haus*, hata liongezwe maneno mangapi mbele. Kwa hiyo kata kwanza, kisha hukumu. Yapo machache yanayohadaa: *der Mittwoch* japo *die Woche*, na *die Antwort* japo *das Wort*.

Mafungu mawili ya maneno kumi na manne

Chukua barua ya kuomba mafunzo ya uuguzi. Ndani yake kuna: *Bewerbung* (maombi), *Lebenslauf* (wasifu), *Zeugnis* (cheti), *Ausbildung* (mafunzo), *Krankenhaus*, *Station*, *Erfahrung* (uzoefu), *Medikament*, *Spritze* (sindano), *Blutdruck* (shinikizo la damu), *Fieber* (homa), *Visum*, *Termin* na *Gehalt* (mshahara).

Kata yaliyounganishwa kwanza. *Krankenhaus* ni *Haus*, basi *das*. *Lebenslauf* huishia na *Lauf* na *Blutdruck* huishia na *Druck*. Haya ni mashina ya vitenzi *laufen* na *drücken* yaliyogeuzwa nomino bila mkia, na nomino za namna hiyo kwa kawaida ni *der*, kama *der Anfang* na *der Verband* (bandeji). Matatu yamekwisha. Kisha mikia: *Bewerbung, Ausbildung, Erfahrung, Station* na *Spritze* ni *die*, *Medikament* na *Visum* ni *das*. *Zeugnis* ina *-nis*, ambayo mara nyingi ni *das*, nayo hapa ni *das*. Jihadhari tu na *die Erlaubnis* (ruhusa) na *die Kenntnis* (ujuzi). Hayo ni manane. Yamebaki matatu ya kukariri: *das Fieber*, *der Termin*, *das Gehalt*. Kati ya kumi na manne, kumi na moja yamejibiwa bila kufungua kamusi.

Sasa chukua insha ya kuelezea kwao mtu wa Rungwe: *Berg* (mlima), *Regen*, *Nebel*, *Tee*, *Kaffee*, *Banane*, *Kartoffel*, *Kuh* (ng'ombe jike), *Milch*, *Feuer* (moto), *Topf*, *Haus*, *Weg* (njia), *Kirche* (kanisa). Hayana hata neno moja la kukata. Mkia unajibu mawili tu, *die Banane* na *die Kirche*. Maana inajibu matatu: *der Regen*, *der Nebel*, na *die Kuh* kwa kuwa ni jike. Tisa yaliyosalia ni ya kichwani. Ukiyabahatishia *der* yale ya silabi moja utapatia *Berg, Tee, Topf* na *Weg*, ukakosea *Milch* na *Haus*.

Insha ya nyumbani, ambayo walimu huipa wanaoanza kwa kuiona nyepesi, kwa upande wa artikeli ndiyo ngumu kuliko barua ya maombi. Anayejiandaa kwa kazi au mafunzo atumie muda wake wa mwanzo kwa mikia, kwa kuwa maneno atakayosoma na kuandika yamejaa mikia. Anayetaka kuzungumza na familia ya mwenyeji, au kufanya kazi jikoni hotelini, aende moja kwa moja kwenye kadi.

Artikeli inayosomwa vibaya ndani ya sentensi

Kosa linaloharibu kadi nyingi si la kanuni, ni la kunakili. Mwanafunzi anakutana na *in der Schule* kitabuni, anaandika *der Schule*, na kosa linakaa kichwani miezi. Artikeli hubadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi: baada ya *mit, bei, von, zu, aus* na *nach*, na baada ya *in* inayotaja mahali ulipo, *die* hugeuka *der*, huku *der* na *das* zote hugeuka *dem*. Basi *mit der Hand* ni ushahidi kwamba *Hand* ni *die*. Ukilijua hilo, kosa linageuka msaada: *zur* siku zote humaanisha neno ni *die* (*zur Arbeit*, kazini), *zum, im, vom* na *beim* humaanisha ni *der* au *das* (*zum Arzt, im Krankenhaus*). Ukiona *den* kabla ya nomino ya umoja, neno hilo ni *der*. Na ukiona *die*, hakikisha kwanza si wingi, kwa sababu wingi wote ni *die*: *die Kinder* hayafanyi *Kind* kuwa la kike.

Kamusi ndiyo hakimu wa mwisho, na inahitaji kusomwa vizuri. Nyingi huandika *m* kwa *der*, *f* kwa *die* na *n* kwa *das*. Kwenye tovuti ya Duden utasoma *Substantiv, maskulin*, *feminin* au *Neutrum*. Vitabu vingine hufupisha *r, e, s*, yaani herufi za mwisho za *der, die, das*. Neno likiwa na maingizo mawili, usichukue la kwanza tu. *Die Kiefer* ni msonobari, ule uliojaa Mufindi. *Der Kiefer* ni taya. *Das Gehalt* ni mshahara, *der Gehalt* ni kiasi cha kitu kilichomo ndani ya kingine, kama sukari ndani ya soda. *Die Leiter* ni ngazi ya kupandia, *der Leiter* ni mkuu wa idara. Kwa jozi hizi artikeli ndiyo inayobeba maana, kwa hiyo zikaririwe pamoja, kadi moja yenye pande mbili.

Kwa maneno mengine kosa la artikeli halimzuii Mjerumani kukuelewa. Na yako machache ambayo wenyewe hawajakubaliana: mtindi husemwa *der Joghurt* Ujerumani, na Austria utasikia *das Joghurt*. Hapo fuata wanavyosema unakokwenda.